Barua Moja kwa Kocha, Majibu Matatu, na Pesa Zinazobaki Kulipwa

Barua ya mwanariadha kwenda kwa kocha wa chuo kikuu cha Marekani huandikwa kwa Kiingereza. Hapa tuisome kwa Kiswahili, tuone imebeba nini. Mwandishi wake, kwa ajili ya mfano huu, ni msichana wa miaka 18 kutoka Elgeyo Marakwet. Amemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita, amepata C+ katika KCSE, na sasa ni Februari.

«Kwako Kocha,

Mimi ni mkimbiaji wa mita 1,500 na 5,000. Juni mwaka jana nilikimbia mita 5,000 kwa dakika 16:41, na mita 1,500 kwa 4:29, mjini Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Muda ulipimwa kwa saa ya mkononi. Nimeambatanisha karatasi ya matokeo na video ya mita 5,000. Mimi ndiye niliyevaa fulana ya kijani, wa tatu kutoka mbele mbio zinapoanza. Tangu nimalize shule nimeshindana mara mbili na sijapokea zawadi yoyote ya fedha.

Nimeona kwamba wasichana wanne katika timu yako ya mbio za nyika wako mwaka wa mwisho. Ningependa kusomea uuguzi, na chuo chenu kinaufundisha. Familia yangu inaweza kuchangia dola 3,000 kwa mwaka, si zaidi. Naomba kujua kama una nafasi kuanzia Agosti, ufadhili wako unafunika nini, na wasichana wa masafa yangu wanakimbia kilomita ngapi kwa wiki.»

Barua yenyewe imeishia hapo. Haina habari za umaskini wala ahadi ya kuleta medali ya Olimpiki. Kocha hupokea barua za namna hiyo kila siku, nyingine zikiwa zimetumwa kwa makocha mia mbili kwa mkupuo mmoja, anwani zote zikionekana juu. Hizo hazijibiwi. Hii ina nafasi ya kujibiwa kwa sababu kocha anaweza kuikagua akiwa mezani kwake. Atalitafuta jina la mkimbiaji kwenye tovuti ya World Athletics, na asipolikuta ataangalia karatasi ya matokeo. Atatazama video akiwa na saa yake mkononi. Anajua pia kwamba dakika 16:41 za Eldoret si sawa na dakika 16:41 za pwani, kwa kuwa NCAA yenyewe ina jedwali la kurekebisha muda wa mbio ndefu zilizokimbiwa kwenye viwanja vya juu. Hakuna haja ya msichana kujipunguzia sekunde 30 kwa niaba yake. Anayejirekebishia muda mwenyewe humfanya kocha ashuku hata kile kilicho kweli.

Sentensi ya fedha za zawadi inaonekana ndogo, lakini ina uzito. Bonde la Ufa lina mbio za barabarani karibu kila mwisho wa wiki, na bahasha za mshindi hutolewa pale pale. Kanuni za NCAA kuhusu fedha alizopokea mwanariadha kabla ya kuingia chuoni, na kuhusu kushindana kwa muda mrefu baada ya kumaliza sekondari, zinaweza kumpunguzia misimu ya kushindana. Kwa kawaida ana takriban mwaka mmoja tangu amalize shule. Akiendelea kushindana baada ya hapo bila kuingia chuo, misimu inaanza kukatwa. Kwa hiyo kijana anayesema acha nikae kambini Iten miaka mitatu kwanza, nipate muda mzuri, kisha niandike barua, anaweza kufika na muda mzuri usiokuwa na misimu ya kuutumia. Kanuni hizi zimekuwa zikibadilika mara kwa mara, hivyo swali hili huulizwa kwa kocha kwa maandishi na jibu lake kuhifadhiwa.

Lakini sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile ya dola 3,000. Wengi huogopa kuiandika, wakidhani wataonekana wanyonge au watajifungia mlango. Ukweli ni kwamba kocha hawezi kukukadiria bila hiyo, na hata akikupenda, chuo hakiwezi kutoa fomu ya I-20, ambayo bila yake hakuna viza ya mwanafunzi, mpaka kione fedha za mwaka wa kwanza zimekamilika. Pengo kati ya gharama na ufadhili lazima lionekane kwenye taarifa ya benki ya mzazi au mdhamini. Kijana aliyepewa «ufadhili wa asilimia 60» na kushangiliwa na kijiji kizima hukwama kwenye karatasi hiyo moja.

Tuanze na gharama ya kuituma barua. Anwani za makocha ziko wazi kwenye tovuti ya michezo ya kila chuo, chini ya ukurasa wa wafanyakazi, na vyuo vingi vina fomu ya wanaotaka kujiunga na timu ambayo ni bure kuijaza. Gharama ni bando la intaneti na jioni kadhaa za kusoma orodha za timu. Njia ya pili ni wakala. Wako mawakala waaminifu wanaojua chuo gani kinahitaji mkimbiaji wa mita 800 na kipi kimejaa. Wako pia wanaouza orodha ile ile ya anwani zilizo wazi.

Namna ya kuwatenganisha ni kuuliza wanalipwaje. Kanuni za NCAA zinaruhusu mwanariadha kulipia huduma ya kumtafutia chuo kwa ada maalum inayojulikana mapema. Hazimruhusu wakala kulipwa kwa kutegemea kwamba mwanariadha amepata ufadhili, wala kuchukua asilimia ya ufadhili huo. Yaani lile pendekezo linalosikika kuwa la huruma kuliko yote, «usilipe kitu sasa, utanipa asilimia kumi ukishapata», ndilo linaloweza kumfungia mtoto asishindane kabisa. Akitaja asilimia, muage kwa heshima uondoke.

Kuna njia ya tatu kwa wale wenye alama za juu sana. Vyuo vya Ivy League kama Harvard na Yale havitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Hutoa msaada kulingana na hali ya familia. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na mwandishi John Manners pamoja na mkimbiaji Mike Boit, umewapeleka vijana wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vya aina hiyo. Huko alama za A huja kwanza, miguu baadaye. Msichana wetu ana C+, kwa hiyo njia hiyo tunaiacha.

Gharama za mara moja, kabla ya kupanda ndege, hazitofautiani sana kati ya chuo na chuo. Kujiandikisha kwenye ofisi ya NCAA inayohakiki wanariadha kumekuwa kati ya dola 150 na 170 kwa wanaotoka nje ya Marekani. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo ni kama dola 70, na vyuo vingi vinaukubali. TOEFL na IELTS hugharimu karibu mara tatu yake au zaidi, kwa hiyo usilipie kabla ya kuuliza chuo kinataka upi. SAT haihitajiki tena na NCAA tangu Januari 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Maombi ya udahili ni kama dola 60 kwa chuo, na ukiomba vitatu ni 180. Ada ya SEVIS ni dola 350 na ya maombi ya viza ni 185, na zote mbili hazirudi hata ukinyimwa viza. Sheria ya Marekani ya Julai 2025 iliidhinisha ada nyingine ya viza ya dola 250 juu ya hiyo, kwa hiyo angalia kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa. Pasipoti ya Kenya ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 hivi, na tiketi ya kwenda tu mara nyingi huzidi laki moja. Ukichukua dola kuwa shilingi 130, familia inahitaji kama shilingi laki mbili na sabini, au laki tatu ikiwa ile ada mpya inatozwa. Hizi ndizo fedha za harambee. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuzichanga hizi tu, ukidhani safari ndiyo gharama.

Sasa tuseme barua imepata majibu matatu. Takwimu ninazotumia ni za mfano, lakini zinafanana na zile ambazo familia hupokea.

Jibu la kwanza linatoka chuo kikubwa cha serikali, Divisheni ya Kwanza ya NCAA, jina linalofahamika, timu inayoonekana kwenye televisheni. Gharama ya mwaka mzima ni dola 46,000, ambapo ada ya masomo ni 28,000. Kocha anatoa asilimia 55, yaani dola 25,300. Jibu la pili ni la chuo kidogo cha binafsi katika Divisheni ya Pili, gharama 34,000, ada 22,000. Kocha anatoa 12,000 za michezo na ofisi ya udahili inaongeza 14,000 kwa ajili ya alama zake, jumla 26,000. Jibu la tatu ni la chuo cha miaka miwili huko Texas, kilicho chini ya NJCAA. Gharama yake ni dola 16,000 tu, na kocha anatoa 15,000, zikiwemo ada, vitabu, chumba na chakula.

Mzazi akiangalia jina la chuo, la kwanza limeshinda. Akiangalia fedha zilizotajwa, la pili limeshinda kwa dola 700. Lakini hizo fedha hazipiti mikononi mwake. Kinachomhusu yeye ni kinachobaki. Chuo cha kwanza kinabakiza dola 20,700, cha pili 8,000, cha tatu 1,000. Na hata hapo hatujamaliza, maana kuna mambo matatu ambayo barua ya kocha huwa haiyataji.

La kwanza ni bima ya afya. Vyuo vingi humlazimisha mwanafunzi wa kigeni kuwa nayo, na si lazima iwe ndani ya gharama iliyotajwa. Weka dola 2,500 kwa chuo cha kwanza, 2,000 kwa cha pili, 1,500 kwa cha tatu. Tena uliza waziwazi: nikivunjika mfupa wa mguu kutokana na mazoezi, bima ya timu inalipa, au hii yangu?

La pili ni kodi, na hili huwashangaza hata wanaojua mambo. Ufadhili unaolipia ada na vitabu haukatwi kodi Marekani. Unaolipia chumba na chakula huhesabiwa kama kipato, na chuo hukata asilimia 14 kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani zinaweza kupata nafuu. Kenya haina mkataba huo, wala Tanzania. Kwenye chuo cha kwanza ufadhili hauzidi ada, kwa hiyo hakuna kodi. Cha pili kinatoa 26,000 kwenye ada ya 22,000, kwa hiyo dola 4,000 zinazobaki zinakatwa 560. Cha tatu kina dola 7,500 za chumba na chakula, zinazokatwa 1,050. Ukijaza fomu ya 1040-NR mwaka unaofuata, sehemu ya fedha hizo huweza kurudi, lakini mwezi wa kwanza chuo kitakudai, na hapo ndipo kijana hupiga simu nyumbani akidhani ametapeliwa.

La tatu ni likizo. Mabweni mengi hufungwa kuanzia Mei hadi Agosti. Tiketi ya kurudi nyumbani na kwenda tena ni ghali, na kukaa kunahitaji chumba na chakula. Hili tuliweke dola 2,000 kwa vyote vitatu.

Hesabu ya mwaka sasa ni hivi: chuo cha kwanza dola 25,200, sawa na shilingi milioni tatu na laki mbili na nusu hivi. Cha pili 12,560, milioni moja na laki sita na zaidi. Cha tatu 5,550, laki saba na ishirini. Familia yetu ina dola 3,000, yaani laki tatu na tisini. Hakuna hata kimoja kinachoingia ndani ya uwezo wake, ila kimoja kiko karibu, na kwa mazungumzo kinaweza kufikiwa.

Kuna anayesema msichana atafanya kazi. Viza ya F inamruhusu kazi ndani ya chuo tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kwa kima cha chini cha shirikisho cha dola 7.25 kwa saa, wiki 30 za muhula zinaleta dola 4,350 kabla ya kodi. Hiyo ni kwa mtu asiyekimbia. Anayekimbia asubuhi, akaenda darasani, akafanya mazoezi jioni na kusafiri mwisho wa wiki, nusu ya saa hizo akizipata ashukuru. Kwa hiyo kazi inaweza kuziba pengo la dola 2,000, si la 22,000. Akipewa matumaini ya mikataba ya matangazo ambayo wanariadha wa Kimarekani wanaipata siku hizi, akumbuke kwamba kwa viza yake kulipwa kwa kazi ya namna hiyo kunaweza kumharibia ukaazi.

Tusiwalaumu makocha wa vyuo vikubwa kwa kutoa asilimia 55. Kwa miaka mingi timu ya wanawake ya Divisheni ya Kwanza iligawana ufadhili kamili 18 kwa riadha na mbio za nyika pamoja, na ya wanaume 12.6, kwa hiyo kocha aliukata vipande akawapa wengi kidogo kidogo. Makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa Juni 2025, yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyojiunga nayo, yakaweka ukomo wa idadi ya watu badala yake: wakimbiaji 17 kwa timu ya mbio za nyika. Kwenye karatasi, kocha anaweza sasa kuwalipia wote 17 kila kitu. Mfukoni, vyuo vingi havina fedha hizo, na nafasi zenyewe zimekuwa adimu. Kwa mkimbiaji wa nje hili lina pande mbili. Ukiwa wa kiwango cha kufunga pointi kitaifa, sasa unaweza kuomba ufadhili kamili, na hakuna kanuni inayomzuia kocha. Ukiwa wa kiwango cha kati, nafasi uliyokuwa ukipewa kwa robo ya ufadhili huenda haipo tena. Februari nayo si mwezi mzuri: vyuo vikubwa vimeshagawa fedha za Agosti. Anayetaka kushindania fungu hilo huandika Septemba akiwa bado kidato cha nne, akitumia alama za mtihani wa majaribio.

Chuo cha miaka miwili hudharauliwa kwa sababu hakina jina. Sally Kipyego, aliyeshinda medali ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London 2012, alianzia South Plains College huko Levelland, Texas, kisha akahamia Texas Tech. Wesley Kiptoo alianzia Colby Community College, Kansas, kabla ya kwenda Iowa State na kuwa bingwa wa NCAA wa mita 5,000 za ukumbini mwaka 2021. Njia hii inampa mkimbiaji muda wa kukimbia kwenye tartani akipimwa kwa saa ya elektroniki, mbele ya macho ya makocha wakubwa. Baada ya miaka miwili hatumi tena barua yenye video ya simu. Ana matokeo yanayosomeka na mtu yeyote, na ufadhili anaoweza kudai ni mwingine kabisa.

Njia hiyo ina hatari zake pia. Masomo aliyoyasoma huenda yasihamishike yote, na kwa uuguzi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu vyuo vingi vina idadi maalum ya wanaoingia kwenye programu hiyo na vinataka masomo fulani ya sayansi yawe yamesomwa kwa namna yao. Kabla ya kukubali, aulize chuo cha tatu: wanariadha wenu waliosomea uuguzi walihamia wapi, na walipoteza masomo mangapi? Kuna jambo jingine ambalo makocha hulisema kwa upole au hulikwepa: mafunzo ya hospitali huanza alfajiri, saa ile ile ya mazoezi ya timu. Kwenye baadhi ya vyuo mwanariadha huambiwa mwaka wa pili achague kimoja. Ni bora kuambiwa Februari.

Ufadhili unaweza pia kwisha. Ile hati ya kitaifa ambayo vijana walizoea kusaini, National Letter of Intent, ilifutwa na Divisheni ya Kwanza Oktoba 2024. Kinachosainiwa sasa ni mkataba wa ufadhili kati ya mwanariadha na chuo, nao unaweza kuwa wa mwaka mmoja au wa miaka kadhaa. Kocha akisema kwenye simu «usijali, utakuwa nasi miaka minne», neno lake ni zuri, lakini hati ikisema mwaka mmoja basi ni mwaka mmoja. Makocha huhama, na anayekuja hana deni la maneno ya aliyeondoka. Mkataba wa miaka kadhaa wenye dola chache zaidi, kwa maoni yangu, una thamani kuliko wa mwaka mmoja ulionenepa.

Lile swali la kilomita kwa wiki linaonekana limepotea njia katikati ya hesabu hizi, lakini nalo ni la gharama. Vyuo vya Marekani hushindana misimu mitatu: nyika wakati wa vuli, ukumbini majira ya baridi, uwanjani majira ya kuchipua. Mkimbiaji mwenye ufadhili mkubwa kwenye timu ndogo huweza kuombwa akimbie mita 1,500, 5,000 na 10,000 ndani ya siku tatu za ubingwa wa kanda, kwa sababu timu inahitaji pointi. Msichana aliyezoea kukimbia kwenye udongo laini wa Iten akihamia lami na tartani, akiongezewa kilomita haraka, huumia mfupa wa muundi. Majeraha hayo ndiyo hukatisha ufadhili wa mwaka mmoja. Kocha anayejibu swali hili kwa namba, akaeleza anavyomwanzisha mtu anayetoka mwinuko wa juu na lini humpumzisha, anastahili kuaminiwa kuliko anayejibu kwamba mazoezi yao ni magumu na yanaleta ushindi.

Kwa hiyo msichana anaandika barua tatu za pili. Kwa kocha wa chuo kikubwa anashukuru, anasema pengo la dola 20,700 haliwezekani, na anaomba amwandikie tena akishapata muda wa saa ya elektroniki. Mlango huo haujafungwa. Doris Lemngole, bingwa wa NCAA wa kuruka viunzi na maji 2024 na 2025 akiwa Alabama, anaonyesha makocha hao wanatafuta nini.

Kwa kocha wa Texas anauliza mambo matatu tu: je, bima inaweza kuingizwa kwenye ufadhili? Je, anapata kazi ya saa kumi kwa wiki kwenye maktaba au ukumbi wa mazoezi tangu Agosti? Je, kuna familia au wanafunzi wa timu wanaokaa mjini likizo ya Juni na Julai ambao anaweza kugawana nao kodi ya nyumba? Bima ikiingia, pengo linashuka kutoka 5,550 hadi 4,050. Kazi ya saa kumi inaleta kama 2,000 kwa mwaka, ingawa ofisi ya I-20 haitaihesabu. Kinachotakiwa kwenye taarifa ya benki ni gharama ya chuo iliyobaki ambayo haijafadhiliwa, na hiyo, bima ikishaingizwa, ni dola 1,000 ambazo baba anazo.

Chuo cha pili hakijakataliwa bado. Kina uuguzi wa miaka minne mahali pamoja, bila wasiwasi wa kuhama, na hilo lina thamani ambayo nimeiacha nje ya hesabu. Anamwandikia kocha wake takwimu zote, pengo la dola 12,560 limetoka wapi, na kwamba jibu la chuo kingine linataka uamuzi kufikia mwisho wa Machi. Pengo hilo likishuka hadi kile ambacho familia na kazi ya saa kumi vinaweza kuziba, na mkataba ukiwa wa miaka zaidi ya mmoja, atakwenda huko. Lisiposhuka, atakwenda chuo kile cha Texas, na barua ya kuhamia atakuwa ameshaanza kuiandika.